Daftari la Siku Saba: Andika Unachokifanya Kabla Hujaandika Biashara Unayoitaka

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wanaoomba mikopo ya vikundi, na kwa yeyote anayesema hana kazi

Kilichotufanya tukitoe

Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri ilisimamishwa mwezi Aprili 2023, ikarejeshwa 2024. Tangu irejeshwe, dawati letu la maendeleo ya jamii limepokea lalamiko moja kwa sauti nyingi: tulipewa fedha, tukanunua kuku, kuku wakafa, sasa tunadaiwa. Tulipoyafungua majalada ya waliolalamika tulikuta andiko la mradi ni lile lile. Kikundi cha akina mama wa sokoni, kikundi cha vijana wa bodaboda na kikundi cha wanakwaya, wote wanafuga kuku mia mbili, banda lina vipimo vile vile, na wote wameandika "kuku wa kinyeji". Hata kosa la tahajia lilinakiliwa.

Maandiko hayo yote yalitoka kwenye steshenari moja iliyo jirani na stendi. Waombaji walilipa, wakachapiwa, wakaweka saini bila kusoma. Wengi wao hawajawahi kufuga hata bata.

Kwa sababu hiyo dawati limeweka utaratibu mpya. Kabla ya andiko la mradi kupokelewa, kila mwanakikundi ataleta daftari aliloliandika mwenyewe kwa siku saba, linaloonyesha kazi anazozifanya nyumbani, mtaani na katika mapumziko yake. Tunasema mapema, na tutasema tena mbele: orodha iliyoandikwa steshenari haitapokelewa. Dawati hili ndilo lililobuni utaratibu huu katika halmashauri yetu, na hatuoni haya kusema kwamba umeanza kuzaa matunda.

Namna ya kuandika

Nunua daftari dogo la shule. Kila ukurasa uchore mistari mitatu kwenda chini ili upate safu nne. Safu ya kwanza andika ulichokifanya. Ya pili, ulimfanyia nani. Ya tatu, kilichukua muda gani. Ya nne, nani alikuita au alikuuliza. Andika siku hiyo hiyo jioni, usingoje Jumapili ukaanza kukumbuka ya Jumatatu. Na katika siku saba hizo ihesabu Jumamosi na Jumapili, maana shughuli nyingi za watu huangukia siku hizo, na ndiko ujuzi mwingi unakojificha.

Kosa kubwa la wengi ni kuandika sifa badala ya kazi. Tumepokea madaftari yaliyojaa "mimi ni mchapakazi", "mimi ni mwaminifu", "napenda watu". Hizo ni sifa njema, mchumba atazifurahia, lakini hakuna anayeweza kuzinunua kwa sababu hazipimiki kwa saa wala hazina mwanzo na mwisho. Andika kitenzi. Ulifua, ulisuka, ulipatanisha, ulihesabu, ulibeba, ulikumbusha.

Kosa la pili ni kuandika kitenzi kipana mno. "Kupika" si neno la kukusaidia, kwani mtaa mzima unapika. Ukishaandika "nilipika" jiulize: ndani ya kupika huko nilifanya nini ambacho mwenzangu asingekifanya? Hapo ndipo ujuzi unapoanza kuonekana, na ndipo steshenari isipoweza kukusaidia, kwa sababu kijana wa steshenari hakuwepo jikoni kwako.

Daftari la mama mmoja

Mama mmoja wa kata yetu, aliyeturuhusu kueleza habari zake bila jina, alikuja dawatini na andiko la kuku. Afisa alipomwuliza anafanya kazi gani alijibu, "Sina kazi, mwanangu, niko tu nyumbani." Akapewa daftari. Baada ya siku tatu akalirudisha likiwa tupu, na maelezo yake yalikuwa kwamba hakuna alichofanya. Afisa akamwuliza, "Mama, jana mlikula nini?" Akasema wali na mchuzi wa pweza. "Pweza alilainika?" Mama akacheka, akaanza kueleza jinsi pweza anavyopigwa, na muda gani. Afisa akamrudishia daftari akamwambia, "Hayo ndiyo ya kuandika."

Daftari lake la pili tunalo. Jumatatu aliandika kwamba jirani alipiga hodi wali ukiwa umeanza kuungua. Yeye alihamishia wali wa juu kwenye sufuria nyingine bila kuchokonoa ukoko, kwa kuwa ukikwangua ukoko harufu ya moshi huingia kwenye wali wote. Jumanne alisuka nywele za binti wa dada yake, na jioni akahesabu fedha za kikoba. Jumatano kulikuwa na mistari miwili tu, kufua na kulala, kwa kuwa kichwa kilimuuma. Alhamisi mwalimu wa shule ya jirani alimpigia simu kumwuliza mahafali ya watu mia moja yanahitaji mchele kilo ngapi. Ijumaa usiku hadi Jumamosi alikuwa kwenye arusi ya mtaa wa pili, akisimamia pilau. Jumapili shemeji yake alimwuliza nyama ya akika igawanywe vipi ili majirani wote wapate.

Afisa alimwomba aisome safu ya nne peke yake, kutoka juu hadi chini. Watu watano walimwita au kumwuliza katika wiki moja, na ukimwondoa dada yake aliyesukiwa binti na jirani wa wali ulioungua, waliobaki wote waliuliza jambo moja: kiasi. Mchele kiasi gani, maji kiasi gani, nyama kiasi gani. Mama huyu alidhani anajua kupika. Anachokijua kwa kweli, na ambacho majirani wanaojua kupika hawakijui, ni kukadiria chakula cha watu wengi.

Tumeuliza kwa undani, kwa sababu tulitaka kuona kama ni ujuzi wa kweli au ni sifa za jirani. Mpishi wa nyumbani huzidisha tu. Kama kikombe kimoja cha mchele kinataka viwili vya maji, basi vikombe hamsini anaviwekea mia, na pilau inageuka bokoboko. Mama anajua kwamba maji hayapandi kwa mwendo huo. Sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo ukilinganisha na wingi wa mchele uliomo, kwa hiyo maji hupunguzwa. Anajua pia kwamba mchele wa mavuno ya zamani unakunywa maji mengi kuliko mchele mpya, kwa hiyo huutafuna ukiwa mkavu kabla ya kuamua. Mchele wa kilo kumi na tano haupiki kwenye sufuria moja, kwa sababu wa chini husagika kwa uzito wa wa juu; huugawa mara mbili. Maji yakishalingana na mchele hupunguza moto wa chini, hufunika, na kupalia makaa juu ya kifuniko. Na huanza na sufuria ya pili nusu saa baada ya ya kwanza, ili zote mbili zisimtake kwa wakati mmoja.

Hayo yote yalikuwa ndani ya neno "nilipika".

Maswali ya kuuliza daftari

Siku saba zikiisha, keti na mtu mmoja asiye wa nyumbani kwako mkalisoma pamoja. Mtu wa nyumbani amekuzoea, haoni. Anzeni na safu ya nne, kwa kuwa kazi uliyoitwa kuifanya ina ushahidi tayari kwamba mwingine anaihitaji. Kazi unayoipenda lakini hakuna aliyewahi kukuitia, iacheni pembeni kwanza.

Kisha kwa kila kazi uliyoitiwa ulizeni: nisingekwenda, yule aliyeniita angepoteza nini? Hapa msikubali majibu ya jumla. Tumfuate mama yetu. Mwalimu wa mahafali alikuwa amepanga kununua mchele kilo ishirini kwa watu mia moja. Hesabu ya mama ni kilo moja kwa watu saba wakati pilau ina kachumbari na matunda pembeni. Mia ukigawa kwa saba unapata kumi na nne na kitu, naye hufunga kwa kilo kumi na tano. Kwa mchele wa shilingi 3,000 kwa kilo, mwalimu aliokoa shilingi 15,000 kwa simu ya dakika tano. Nyama huikadiria nusu kilo kwa kila kilo ya mchele, yaani kilo saba na nusu, na hapo pia mwalimu alikuwa amezidisha. Na hiyo ni hasara ya kubakiza. Hasara ya kupungukiwa, wageni wakaondoka hawajala, haina bei. Watu wanaikumbuka miaka kumi.

Mkishajua aliyekuita angepoteza nini, ndipo mjue mnauza nini. Mama huyu hauzi chakula. Mchele, nyama, mafuta na kuni hununuliwa na mwenye shughuli. Anachouza ni makadirio, orodha ya sokoni na usimamizi wa jiko. Ndiyo maana hakuhitaji mtaji wa kuku mia mbili wala wa kitu kingine kikubwa. Alihitaji mwiko mrefu, daftari na vocha ya simu. Alipoondoa ombi la mkopo wa kuku, afisa wetu alilishangilia jalada lile kuliko majalada yaliyopitishwa wiki hiyo.

Bei: msiuze kwa shukrani

Kwa miaka mingi mama alilipwa kanga moja na sahani ya pilau ya kupeleka nyumbani. Tulimtaka aandike saa zake. Siku moja kabla ya shughuli huenda kuona jiko, masufuria na idadi ya wageni, saa moja. Sokoni, saa tatu. Siku ya shughuli huamka saa kumi alfajiri na kukabidhi chakula saa sita mchana, saa nane. Jumla saa kumi na mbili. Kama kibarua wa mtaani kwenu hulipwa shilingi 10,000 kwa saa nane, basi saa kumi na mbili ni shilingi 15,000. Ongeza nauli ya bodaboda, tuseme 4,000. Chini ya shilingi 19,000 mama anafanya kazi kwa hasara hata kama kila mtu anamsifu.

Hiyo ni sakafu, bei yenyewe iko juu yake. Kibarua hakadirii, wala hakuokolei mchele. Mama alianza na shilingi 35,000 kwa shughuli ya watu mia, akawaendea watu watatu wasio ndugu zake kuwaambia bei hiyo. Wawili walikubali, mmoja akasema ni ghali na akapika mwenyewe. Watatu wote wangekubali bila kusita, tungemshauri apandishe. Wote wangekataa, tungerudi kwenye daftari.

Msichanganye kusifiwa na kulipwa. Mtu akisema "wewe ungefungua mgahawa" hajanunua kitu. Ujuzi umethibitika pale mtu asiye ndugu anapotoa fedha kabla ya kazi, hata kama ni nusu.

Mpaka wa ujirani

Jambo hili waombaji wengi wanalipita, na ndilo linalowarudisha kwetu wakiwa na ugomvi wa mtaa. Kuna kazi zilizo kwenye daftari lako ambazo hupaswi kuzitoza, si kwa sheria ya halmashauri, bali kwa desturi ambayo ukiivunja utapoteza wateja wote. Msibani halipishwi mtu. Mama alipotuuliza kama atoze kwenye hitima na arobaini, tulimwambia aulize wazee wake, naye alirudi na jibu alilolitarajia: hapana.

Basi akachora mstari kwenye daftari. Upande mmoja msiba, hitima, arobaini, mgonjwa na mzazi aliyejifungua. Huko anakwenda kama zamani, na mwiko wake. Upande wa pili arusi, akika, kipaimara, send-ofu na mahafali. Huko kuna bei. Kwa ndugu wa karibu anapunguza, lakini anasema bei kabla ya kuwasha moto. Asiposema mapema, atalipwa kanga.

Wapo watakaokasirika mwanzoni. Mama aliambiwa "umekuwa wa mjini" na shoga yake wa siku nyingi. Shoga huyo alimwita tena kwenye akika ya mjukuu, akalipa.

Yaliyomo daftarini ambayo hayauzwi hivi hivi

Ukiitwa kila siku kurekebisha nyaya za umeme za majirani, una ujuzi, lakini kazi ya kutandaza umeme wa nyumba inataka leseni ya EWURA. Ukiachiwa watoto wa mtaa mzima, kituo cha kulelea watoto husajiliwa kupitia ustawi wa jamii. Sindano na dawa usiziweke kabisa, hata kama bibi yako alikufundisha na hata kama wanakuita daktari.

Kwa anayeshika chakula cha watu, kama mama yetu, mwone afisa afya wa kata upate maelekezo ya kupima afya. Na ujue hatari moja ya wali wa shughuli ambayo wapishi hodari huipuuza: kuna vijidudu vya mchele ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemka, na wali ukikaa saa nyingi ukiwa vuguvugu kwenye sufuria kubwa huzaliana na kutapisha watu. Pilau ikiiva iliwe ya moto. Ikibidi kusubiri, makaa yabaki chini na juu ili mvuke uonekane unapofunua. Vuguvugu isizidi saa mbili. Mwenye arusi akikwambia upike usiku wa manane ili mpumzike asubuhi, kataa.

Anayetaka cheti bila kurudi darasani aulize VETA, ambao wana utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, upishi na uashi vikiwamo. Hupimwa unachoweza kukifanya kwa mikono.

Nani anaweza kuomba

Mikopo haina riba. Mgawanyo ni asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kikundi kiwe kimesajiliwa na kiwe na akaunti ya benki. Umri, idadi ya wanakikundi na mengineyo yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, someni huko.

Onyo la steshenari, mara ya mwisho

Katika wiki mbili za kwanza za utaratibu huu tulipokea madaftari kumi na moja yenye mwandiko mmoja. Jumatatu ya wote waliamka saa kumi na moja, wakafagia uwanja, wakasuka ukili. Baba mmoja miongoni mwao ni fundi wa pikipiki, na tulipompa ukili hakujua aanzie wapi. Steshenari imeshapata habari za daftari, na sasa inauza siku saba zilizokamilika. Msizinunue. Afisa atakuuliza swali moja tu kutoka katikati ya daftari, kama alivyouliza habari za pweza, na atajua.

Kuchapisha nakala ya kitambulisho steshenari ni ruhusa.

Asiyejua kuandika aje na mjukuu au mtoto wa jirani. Mtoto aandike maneno kama mzee anavyoyatamka, asiyasafishe. Bibi mmoja alituletea daftari ambalo kila siku lilikuwa na neno "kuchungulia", na mjukuu alitaka kulifuta kwa aibu. Tulipouliza, tukaambiwa kwamba majirani watano wanaofanya kazi mbali humwachia bibi funguo, naye huchungulia nyumba zao asubuhi na jioni, hupokea mzigo wa gesi, huanika nguo mvua ikikatika na kuzianua ikirudi. Safu ya nne ya daftari lake ilikuwa imejaa kuliko ya mtu yeyote. Bei bado tunaihesabu naye.

Madaftari yanapokelewa Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa saba, kwenye ofisi ya mtendaji wa kata. Huduma hii hailipiwi. Lete daftari lenyewe, si picha yake kwenye simu.